Mipaka ya Kazi na Ada ya Ziada: Uchanganuzi wa Barua Pepe ya Mfasiri wa Kujitegemea kwa Mteja Wake

Utangulizi

Wahitimu wengi wa Kiswahili huingia katika soko la tafsiri bila kuajiriwa na yeyote. Hupokea kazi kutoka kwa mashirika, wachapishaji na ofisi mbalimbali, huzifanya nyumbani, na hulipwa kwa kila kazi. Mfasiri wa namna hii huitwa mfasiri wa kujitegemea. Tatizo linalomkabili aghalabu si ugumu wa matini bali ni kutokwisha kwa kazi. Tafsiri huwasilishwa, mteja huomba marekebisho, marekebisho hufanywa, kisha mengine huombwa, na mengine tena, ilhali ujira umebaki palepale ulipokuwa siku ya kwanza.

Makala haya yanachunguza barua pepe moja ambayo mfasiri huhitaji kuiandika anapofikia hatua hiyo: barua inayoonyesha mipaka ya kazi iliyokubaliwa na kutaja ada ya kazi inayozidi mipaka hiyo. Hoja kuu ni kwamba barua hiyo haifaulu kwa ukali wala kwa unyenyekevu wake. Hufaulu inapotenganisha kosa la mfasiri na badiliko la nia ya mteja, ikalipa kila badiliko bei yake, kisha ikamwachia mteja uamuzi kabla ya kazi kuanza. Mfano unaotumiwa ni wa kubuni, lakini umeundwa kwa kufuata taratibu za kawaida za kazi hii.

Kisa chenyewe

Shirika moja jijini Nairobi linamwomba mfasiri atafsiri kijitabu cha lishe ya watoto kutoka Kiingereza hadi Kiswahili. Matini chasili ina maneno 8,000. Pande mbili zinakubaliana kwa barua pepe fupi kwamba malipo ni shilingi 5 kwa kila neno la matini chasili, yaani shilingi 40,000 kwa jumla. Nusu inalipwa mwanzoni, na nusu nyingine baada ya kazi kukamilika. Mapatano yanataja pia kwamba bei hiyo inajumuisha "awamu mbili za marekebisho."

Malipo huhesabiwa kwa maneno ya matini chasili kwa sababu idadi yake hujulikana kabla ya kazi kuanza, na kwa hivyo haiwezi kuzua ubishi. Isitoshe, Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. Neno moja kama "hatutakuja" hubeba maana ambayo Kiingereza hukieleza kwa maneno manne. Mfasiri anayehesabu maneno ya Kiswahili hujipunja pasipo kujua.

Awamu ya kwanza ya marekebisho inapita salama. Awamu ya pili inakuja vipande vipande: leo maoni ya daktari, baada ya siku nne maoni ya afisa wa mawasiliano, kisha simu ya jioni yenye maombi mawili zaidi. Mfasiri anayatekeleza yote. Wiki moja baadaye anapokea nakala yenye maoni 46 mapya pembeni, pamoja na ujumbe kwamba haya ni "marekebisho madogo madogo tu" ya kukamilisha awamu ya pili, kwa kuwa mkaguzi mmoja alikuwa safarini.

Hapo ndipo kasoro ya mapatano inapojitokeza. Awamu mbili zilitajwa, lakini hakuna aliyeeleza awamu ni nini wala marekebisho ni nini. Mteja anaamini kwa dhati kwamba awamu haijaisha maadamu mkaguzi mmoja hajasema neno. Mfasiri naye anaamini kwamba awamu iliisha alipowasilisha nakala. Kila mmoja ana haki kwa mujibu wa ufahamu wake, na ndiyo maana barua inayoanza kwa lawama hukosa shabaha.

Neno moja, shughuli nyingi

Neno "marekebisho" limebeba shughuli zisizofanana. Kiwango cha kimataifa cha huduma za tafsiri, ISO 17100 cha mwaka 2015, hutofautisha shughuli nne. Ya kwanza ni mfasiri kujikagua kabla ya kuwasilisha kazi. Ya pili ni mtu mwingine anayezimudu lugha zote mbili kulinganisha tafsiri na matini chasili. Ya tatu ni mtaalamu wa fani kuisoma tafsiri peke yake ili aone kama inafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Ya nne ni kusoma pruf kabla ya kuchapisha. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomaanisha kuandika upya matini chasili au kubadilisha uamuzi uliokwisha kufanywa. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kawaida baina ya mteja na mfasiri, yote hayo huitwa marekebisho.

Kwa hivyo, kazi ya kwanza ya mfasiri katika kisa hiki si kuandika barua bali ni kuyasoma maoni 46 na kuyapanga katika makundi. Wahenga walisema lila na fila havitangamani, na maoni haya nayo hayafai kuachwa yakiwa yamechanganyika.

Kundi la kwanza ni makosa ya mfasiri. Maoni 6 ni ya namna hii: sentensi moja iliyorukwa, tarakimu iliyopigwa vibaya, na mahali panne ambapo upatanisho wa kisarufi umevurugika. Hayo ni deni la mfasiri. Husahihishwa bila malipo hata kama yamegunduliwa katika awamu ya kumi, kwa sababu alichouza ni tafsiri sahihi.

Kundi la pili ni mabadiliko ya matini chasili. Maoni 4 yanaingiza aya tatu mpya ambazo hazikuwamo katika Kiingereza alichokabidhiwa mfasiri. Jumla yake ni maneno 600. Hii ni kazi mpya ya tafsiri, na bei yake inajulikana tayari.

Kundi la tatu ni mabadiliko ya nia, yaani mahali ambapo tafsiri ni sahihi lakini mteja anapendelea namna nyingine. Maoni 36 yaliyosalia yanaingia hapa. Miongoni mwake, oni moja linataka "maziwa ya kwanza" yarudishwe kuwa "dang'a," ilhali katika awamu ya kwanza mteja huyohuyo ndiye aliyeomba "dang'a" liwe "maziwa ya kwanza." Kielelezo cha aina hii ndicho kinachosaidia zaidi kutambua mabadiliko ya nia: ombi linapofuta ombi lililotangulia, haliwezi kuwa kosa la mfasiri.

Uzito usioonekana wa oni moja

Kati ya maoni hayo 36, moja linahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu linaonyesha chanzo halisi cha mvutano. Mteja anaandika kwamba kijitabu kingefaa kuzungumza na akina mama kama kundi badala ya mama mmoja. Katika Kiingereza ombi hili ni jepesi mno, kwani kiwakilishi cha nafsi ya pili hakibadiliki katika umoja na wingi, na kitenzi cha kuamrisha ni kilekile. Sentensi nyingi za matini chasili hazingeguswa kabisa.

Kiswahili kina sura nyingine. Chukua sentensi hii: "Mnyonyeshe mtoto wako maziwa yako pekee hadi atimize miezi sita." Ikigeuzwa iwe katika wingi, inakuwa: "Wanyonyesheni watoto wenu maziwa yenu pekee hadi watimize miezi sita." Kati ya maneno kumi, matano yamebadilika. Kazi hii haiwezi kufanywa kwa kuiamuru kompyuta ibadilishe kila "mtoto" kuwa "watoto," kwa sababu zipo sentensi za maelezo ya jumla ambamo umoja ni lazima ubaki. Ni sharti mtu asome kijitabu kizima, sentensi baada ya sentensi.

Mteja asiyefahamu mfumo wa upatanisho wa kisarufi hawezi kuuona uzito huu. Haombi kwa ujeuri. Anaomba kwa sababu kwake ombi hilo linaonekana dogo kama kubadilisha rangi ya jalada. Jukumu la barua ya mfasiri ni kuufanya uzito huo uonekane, na njia fupi zaidi ya kuuonyesha ni kutaja saa na shilingi.

Jinsi ya kupata ada

Ada ya ziada isiyo na msingi huonekana kama adhabu. Mfasiri anahitaji kuijenga juu ya bei iliyokwisha kukubaliwa. Kwa matini ya aina hii, mfasiri mzoefu anaweza kutafsiri takriban maneno 2,500 kwa siku ya saa nane. Kwa shilingi 5 kwa neno, siku moja inamletea shilingi 12,500, yaani kama shilingi 1,560 kwa saa. Akiweka ada ya saa kuwa shilingi 1,500, amebaki ndani ya kiwango ambacho mteja alikikubali tangu mwanzo.

Aya mpya huhesabiwa kwa neno: maneno 600 kwa shilingi 5 ni shilingi 3,000. Kugeuza kijitabu kizima kutoka umoja hadi wingi huhesabiwa kwa saa. Kwa kasi ya maneno 1,000 kwa saa, maneno 8,000 yatachukua saa 8, ambazo ni shilingi 12,000. Mabadiliko mengine 35 ya msamiati na mtindo yatachukua saa 2, yaani shilingi 3,000. Jumla ni shilingi 18,000.

Hesabu hiyohiyo inaonyesha hasara ya kunyamaza. Tafsiri ya awali ilichukua kama saa 26, na awamu mbili za marekebisho zikachukua saa 6. Shilingi 40,000 zikigawanywa kwa saa 32, mfasiri amepata shilingi 1,250 kwa saa. Akifanya kazi hii ya saa 12 bila malipo, ujira wake unashuka hadi kama shilingi 909 kwa saa, na hakuna kinachozuia maoni mengine kuja wiki inayofuata. Hivi ndivyo kazi iliyoanza ikiwa na faida inavyogeuka kuwa hasara pasipo mtu yeyote kukusudia. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Barua yenyewe

Baada ya kupanga maoni na kupata hesabu, mfasiri anaandika:

Kwa Afisa wa Mradi,

Kuhusu: Tafsiri ya kijitabu cha lishe ya watoto – maoni ya tarehe 12 Mei

Salamu za heshima.

Nashukuru kwa maoni 46 yaliyopokelewa tarehe 12 Mei. Nimeyasoma yote na kuyapanga katika jedwali lililoambatishwa.

Maoni 6 yanahusu makosa yangu katika tafsiri. Yamekwisha kusahihishwa bila malipo, na nakala iliyosahihishwa imeambatishwa.

Mapatano yetu ya tarehe 3 Aprili yalihusu matini ya maneno 8,000 na awamu mbili za marekebisho kwa shilingi 40,000. Awamu hizo zilikamilika tarehe 24 Aprili na tarehe 5 Mei. Maoni 40 yaliyosalia yako nje ya mapatano hayo, na gharama yake ni kama ifuatavyo:

(a) Aya tatu mpya, maneno 600 kwa shilingi 5: shilingi 3,000.
(b) Kugeuza kijitabu kizima kutoka umoja hadi wingi, saa 8 kwa shilingi 1,500: shilingi 12,000. Mfano wa sentensi moja kabla na baada ya kugeuzwa umo katika jedwali.
(c) Mabadiliko 35 ya msamiati na mtindo, saa 2 kwa shilingi 1,500: shilingi 3,000.

Unaweza kuchagua sehemu yoyote, kuzichagua zote, au kuitumia nakala iliyoambatishwa kama ilivyo. Saa zikizidi makadirio haya, gharama haitaongezeka. Kazi itaanza nitakapopokea jibu la maandishi linalotaja sehemu zilizochaguliwa, na itakamilika katika siku nne za kazi.

Salio la shilingi 20,000 la mapatano ya kwanza halitegemei uamuzi huu. Ankara yake imeambatishwa.

Iwapo kuna oni lililowekwa katika kundi lisilolifaa, naomba nitajiwe nambari yake ili tuliangalie pamoja.

Wako mwaminifu,
Mfasiri

Mpangilio na lugha ya barua

Barua hii inaanza na makosa ya mfasiri mwenyewe, tena yakiwa yamekwisha kusahihishwa. Mpangilio huu una sababu. Msomaji aliyeona kwamba makosa yamekubaliwa bila kufichwa huwa tayari kuamini kwamba yale mengine 40 si makosa. Mfasiri anayejaribu kupenyeza kosa lake moja miongoni mwa mabadiliko ya kulipiwa hupoteza imani hiyo yote siku linapogunduliwa.

Katika nadharia ya upole iliyoendelezwa na Brown na Levinson, hasa katika kitabu chao cha mwaka 1987, kila mzungumzaji ana uso ambao hutaka kuulinda: hutaka kukubalika na wenzake, na pia hutaka asiingiliwe katika uhuru wake. Kumdai mtu fedha ni tendo linalotishia uso huo kwa namna zote mbili. Utamaduni wa Waswahili unalijua jambo hili vyema, kwani husemwa kwamba uso umeumbwa na haya. Swali ni jinsi ya kumhifadhia mteja uso wake bila kuificha ada.

Barua inafanya hivyo kwa sarufi. Haisemi "umebadilisha maoni yako tena." Inasema "maoni 46 yaliyopokelewa" na "maoni 40 yaliyosalia yako nje ya mapatano." Mtendaji ameondolewa katika sentensi na kinachozungumziwa ni maoni. Hata kisa cha "dang'a" hakikutajwa ndani ya barua. Kimo katika jedwali, ambamo tarehe za maombi yote mawili zimeandikwa bila neno la ziada. Afisa ataliona jambo hilo mwenyewe, naye hatalazimika kulijibu mbele ya wakubwa wake wanaonakiliwa barua.

Jambo la pili ni uteuzi wa hali za kitenzi. Waandishi wengi, kwa kutaka kuwa wapole, hutumia kiambishi -nge-: "ningependa kama ingewezekana niongezwe kidogo." Sentensi hiyo inaifanya ada iwe ndoto inayotegemea huruma. Barua hii imetumia njeo ya wakati ujao na kauli za moja kwa moja: "gharama yake ni," "kazi itaanza nitakapopokea." Neno "naomba" limetumika mara moja tu, nalo linahusu kutajiwa nambari ya oni, jambo ambalo kwa kweli ni ombi. Ada si ombi. Vivyo hivyo, neno "samahani" halimo, kwa sababu anayeomba radhi kwa sababu ya bei huashiria kwamba bei hiyo si ya haki.

Upole wa barua, basi, haupo katika kulegeza bei. Upo katika uhuru aliopewa mteja. Anaweza kuchukua (a) na kuacha (b). Anaweza kukataa yote na bado akabaki na kijitabu sahihi mkononi. Bei yenye kikomo, inayosema kwamba gharama haitaongezeka saa zikizidi, inamlinda pia dhidi ya mshangao, na inampa jambo la kumweleza mhasibu wake.

Kwa nini barua itangulie kazi

Wafasiri wengi hufanya kazi ya ziada kwanza na kudai baadaye. Hapa sheria haiko upande wao. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, huruhusu kanuni za sheria ya mikataba ya Uingereza kutumika nchini. Mojawapo ya kanuni hizo inahusu ahadi zinazotolewa baada ya jambo kupita. Katika kesi ya Roscorla dhidi ya Thomas ya mwaka 1842, mtu alinunua farasi, na baada ya mauzo kukamilika muuzaji akaahidi kwamba farasi huyo hakuwa na kasoro. Farasi alipoonekana kuwa na kasoro, mahakama iliamua kwamba ahadi hiyo haikumfunga muuzaji kwa sababu ilitolewa baada ya mapatano kwisha, na mnunuzi hakutoa chochote kipya kwa ajili yake.

Mfasiri aliyemaliza saa 12 za kazi ndipo akaahidiwa malipo yuko katika hali inayokaribia hiyo. Ni kweli kwamba mahakama huweza kuagiza malipo iwapo kazi iliombwa na pande zote zilielewa tangu mwanzo kwamba ingelipiwa. Lakini mahali ambapo mapatano ya awali yalikuwa na bei moja iliyojumuisha marekebisho, kuuthibitisha uelewano huo ni kazi ngumu. Barua iliyotangulia kazi huondoa ugumu wote.

Kesi nyingine ya farasi inafafanua kwa nini barua inadai jibu la maandishi. Katika kesi ya Felthouse dhidi ya Bindley ya mwaka 1862, mjomba alimwandikia mpwa wake kuhusu bei ya farasi, akaongeza kwamba asiposikia neno atamhesabu farasi huyo kuwa wake. Mpwa hakujibu, ijapokuwa alikuwa amekusudia kuuza. Mahakama iliamua kwamba hapakuwa na mapatano: mtu hawezi kumfunga mwenzake kwa kimya chake. Kwa hiyo sentensi inayopendwa na wengi, kwamba "usipojibu kwa siku tatu nitachukulia kuwa umekubali," haina nguvu inayodhaniwa. Inafaa tu kusema kwamba bila jibu kazi haitaanza.

Majibu yanayotarajiwa

Jibu la hatari zaidi si kukataa bali ni hili: "Endelea tu, tutaelewana." Halitaji sehemu wala bei. Mfasiri anahitaji kulijibu kwa mstari mmoja: "Nashukuru. Naomba unithibitishie kama ni (a), (b), (c) au zote kwa jumla ya shilingi 18,000, ili nianze." Mteja akipiga simu na kukubali, mfasiri atamwandikia mara moja akirejelea mazungumzo hayo, naye ataomba uthibitisho. Kuanza kazi kabla ya hapo ni kuibatilisha barua yake mwenyewe, kwa sababu mteja atakuwa amejifunza kwamba maneno yake hayana uzito.

Jibu la pili ni madai kwamba maoni yote ni makosa. Hapa jedwali ndilo litakalozungumza. Kila oni lina nambari, sentensi ya Kiingereza, sentensi ya Kiswahili na kundi lake. Mjadala unatoka katika hisia na kuingia katika mfano mmoja mmoja. Iwapo mteja ataonyesha kwamba oni fulani ni kosa kweli, mfasiri alihamishe kundi na kulisahihisha bure bila kubishana.

Jibu la tatu ni kuzuilia salio la shilingi 20,000 hadi kazi mpya ifanywe. Hii ndiyo sababu barua iliyatenga mambo mawili hayo na kuambatisha ankara. Kazi ya kwanza imekamilika kwa mujibu wa mapatano yake, na nakala iliyosahihishwa ndiyo ushahidi. Ikibidi, Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2016, husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Hata hivyo, dai la shilingi 20,000 linaweza kumpotezea mfasiri siku nyingi na mteja wa kudumu. Barua hii basi ina mpaka wake: humpa mfasiri hoja na kumbukumbu, lakini haimlazimishi mtu asiyetaka kulipa.

Hitimisho

Katika kisa hiki inaweza kutarajiwa kwamba afisa, baada ya kuona shilingi 12,000 kando ya oni moja, ataliacha, achague (a) na (c), na alipe shilingi 6,000. Oni hilo halikuwa na thamani hiyo kwake. Liliombwa kwa sababu lilionekana kuwa la bure. Bei ndiyo iliyomwezesha kutenganisha anachokihitaji na anachokitamani, jambo ambalo ukali wa mfasiri usingeweza kulifanya.

Kazi inayofuata haitahitaji barua ndefu kama hii iwapo mapatano yake yatakuwa na sentensi chache za namna hii: "Bei inajumuisha awamu mbili za marekebisho. Awamu moja ni maoni ya wakaguzi wote yaliyokusanywa katika nakala moja na kuwasilishwa kwa pamoja katika siku saba tangu tafsiri kupokelewa. Makosa ya tafsiri husahihishwa bila malipo wakati wowote. Mabadiliko ya matini chasili hulipiwa shilingi 5 kwa neno, na mabadiliko mengine baada ya awamu ya pili hulipiwa shilingi 1,500 kwa saa, baada ya makadirio kukubaliwa kwa maandishi."